Amekubandikia Meseji ya M-Pesa Bila Neno Lolote: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu M-Pesa ya Kenya, kwa sababu ndiyo meseji inayobandikwa zaidi kwenye simu za watu wetu. Karibu na mwisho kuna jibu moja kwa walio Tanzania.

Mtu amenibandikia meseji ya M-Pesa bila kuandika neno. Nimjibu nini kwanza?

Mwandikie sentensi moja ya tahadhari na maswali mawili. Tahadhari itangulie, maana huenda wakati huohuo kuna mtu mwingine anampigia simu na kumharakisha: "Kabla hujafanya lolote, usimtumie mtu pesa na usimpe mtu PIN yako." Sentensi hiyo haimuudhi aliyekuwa akikulipa tu, na inaweza kumwokoa anayetapeliwa.

Kisha muulize: "Hii pesa umeituma wewe au umetumiwa?" na "Ungependa nikusaidie nini?" Jibu la swali la kwanza linagawa mambo yote yanayofuata. Aliyetuma anaweza kuwa anakuonyesha risiti, au amekosea namba. Aliyetumiwa anaweza kuwa anashangaa pesa zimetoka wapi, au ameambiwa azirudishe. Meseji ikiwa ileile, ushauri wa mmoja unaweza kumpotosha mwingine kabisa.

Usianze na "pole, umeibiwa," wala usijibu "asante, nimeipata." La kwanza linamtia mtu hofu kabla hujajua kilichotokea. La pili ni risiti. Ukishaliandika, huyo mtu ana haki ya kulishika kama ushahidi kwamba ulikiri kupokea pesa ambazo huenda hazijafika.

Akikaa kimya baada ya kuulizwa?

Mpigie. Wazee wengi hubandika meseji kwa sababu kuandika kunawachosha, si kwa sababu wanaficha jambo. Kwa sauti utajua ndani ya dakika moja kama ni salamu ya "nimekutumia" au kuna shida. Lakini ikiwa namba huijui na anayebandika hataki kusema chochote, usiharakishwe na ukimya wake. Angalia salio lako, basi.

Meseji yenyewe inaniambia nini?

Inakuambia ni ya upande gani wa muamala, ukiisoma kwa makini. Aliyetuma hupata meseji ya namna hii:

```
SCF4K7P2QX Confirmed. Ksh1,500.00 sent to
JINA LA MPOKEAJI 07XXXXXXXX on 15/3/24 at 2:15 PM.
New M-PESA balance is Ksh2,410.00.
Transaction cost, Ksh23.00.
```

Na aliyepokea hupata hii:

```
SCF4K7P2QX Confirmed.You have received Ksh1,500.00
from JINA LA MTUMAJI 07XXXXXXXX on 15/3/24 at 2:15 PM
New M-PESA balance is Ksh1,940.00.
```

(Namba ya muamala, salio na tarehe nimezitunga kwa ajili ya mfano.) Namba ya muamala, yaani zile herufi na tarakimu kumi za mwanzo, ni moja kwa pande zote mbili. Salio si moja. Kwenye meseji ya mtumaji salio ni lake, na kwenye meseji ya mpokeaji ni la mpokeaji. Ada nayo huonekana kwa mtumaji peke yake, kwa kuwa mpokeaji halipi ada ya kutumiwa.

Hapa ndipo uongo mwingi hujifichua. Mtu akidai amekulipa, halafu akakubandikia meseji ya "You have received" yenye salio eti lako, jiulize ameipataje. Meseji ya kupokea huja kwenye laini yako, haiji kwenye yake. Alichopaswa kuwa nacho ni ile ya "sent to", yenye ada na salio lake mwenyewe. Wengi hunaswa kwa sababu macho yanakimbilia kiasi na jina, yanaacha kuuliza hii ni meseji ya nani.

Piga hesabu pia, ikiwa mwenyewe anakumbuka alikuwa na kiasi gani. Katika mfano wa juu mtumaji lazima awe alikuwa na shilingi 3,933: 1,500 alizotuma, 23 za ada na 2,410 zilizobaki. Huna haja ya kumuuliza salio lake la sasa. Muulize tu kama hesabu inalingana na alichokuwa nacho, ajibu ndiyo au hapana.

Nimesikia herufi za mwanzo za namba ya muamala zina maana. Ni kweli?

Kwa M-Pesa ya Kenya, ndiyo, kwa miamala ya miaka ambayo mpangilio huu umeonekana wazi. Herufi ya kwanza imekuwa ikifuata mwaka: R ni 2023, S ni 2024. Ya pili ni mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba. Ya tatu ni siku: tarehe 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha tarehe 10 ni A, 11 ni B, na kuendelea. Ndiyo maana muamala wa tarehe 15 Machi 2024 huanza na SCF.

Tumia kipimo hiki kwa upande mmoja tu. Namba ikipishana na tarehe iliyoandikwa ndani ya meseji, una sababu nzuri ya kushuku. Ikilingana, hujathibitisha kitu, kwa sababu tapeli anaweza kuchukua meseji ya kweli ya leo na kubadilisha kiasi na jina. Na kampuni inaweza kubadilisha mpangilio huo wakati wowote, kwa hiyo usimwite mtu mwongo kwa herufi tatu peke yake.

Je, unaweza kutoa mfano mzima, kuanzia meseji hadi uamuzi?

Chukua mzee wa Mombasa anayembandikia mpwa wake meseji ya kupokea shilingi 7,500, ya tarehe 15/3/24, yenye salio jipya la shilingi 11,240 na namba inayoanza na RK7. Hakuna neno lingine.

Mpwa anampigia: "Shikamoo mjomba. Nimeiona meseji. Kwanza usimtumie mtu pesa. Hii umetumiwa au umetuma wewe?"

"Marahaba. Nimetumiwa. Kuna kijana ananipigia, asema ni za mgonjwa, amekosea namba. Anataka nimrudishie."

"Meseji ilikuja na zile nyingine za MPESA, au imekuja peke yake kwa namba ya mtu?"

"Imekuja peke yake. Ina namba."

Hapo jibu limeshapatikana kwa sehemu kubwa. Meseji za kweli huingia chini ya jina MPESA na kukaa pamoja na za siku zilizopita. Mpwa anaendelea: "Mjomba, kabla ya hii, M-Pesa yako ilikuwa na kiasi gani hivi?" Mzee asema kama shilingi mia tatu. Mia tatu na 7,500 ni 7,800, haziwezi kuwa 11,240. RK7 nayo ni ya tarehe 7 Novemba 2023, lakini meseji inasema Machi 2024. Inaelekea mtu amechukua meseji ya zamani akabadilisha tarehe na kiasi.

Bado mpwa hamwambii mzee aamini hesabu yake. Anamwambia akate simu, apige *334# mwenyewe, aingie sehemu ya akaunti, aangalie salio. PIN aiandike kwenye simu yake bila kuitamka. Salio linarudi: shilingi 312. Hakuna pesa iliyoingia, kwa hiyo hakuna ya kurudisha. Kijana akipiga tena, anajibiwa, "Kama ulikosea, waambie M-Pesa wairudishe," na simu inakatwa. Ile meseji ya uongo mzee anaituma kwenda 333, namba ambayo Safaricom hupokelea ripoti za utapeli.

Nimeweka salio mwishoni ili uone dalili zinavyosomwa. Ukiwa na haraka, lianze hilo. Salio lililotafutwa na mwenye laini kwa mkono wake ndilo neno la mwisho, hata kama meseji ilikuja chini ya jina linalofanana kabisa na MPESA.

Salio halijapanda, lakini mtumaji anaapa ametuma. Lazima ni mwongo?

Si lazima. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia. Ikiwa mpokeaji ana deni la Fuliza, pesa inayoingia hukatwa kulipa deni kabla hajaishika. Mtu anayedaiwa shilingi 1,400 akitumiwa 1,500, ataona salio limepanda kidogo mno na kudhani ametumiwa shilingi mia. Muulize kwa upole, faraghani, kama alikuwa ametumia Fuliza, kisha aangalie kama kuna meseji nyingine ya MPESA iliyofuatana na ile ya kupokea ikieleza makato.

Meseji pia inaweza kuchelewa mtandao ukisumbua huku pesa ikiwa imeshafika. Hapo salio litakuwa limepanda bila meseji. Na kuna laini mbili: mtu ana namba mbili, anaangalia ile isiyotumiwa. Linganisha tarakimu za mwisho za namba iliyo kwenye meseji kabla ya kumshuku mtu.

Aliyebandika ndiye aliyetuma, na amekosea namba. Nimshauri nini?

Aitume meseji hiyohiyo ya uthibitisho, kutoka laini iliyotuma pesa, kwenda 456. Wewe uliyebandikiwa huwezi kumfanyia kwa kuituma kutoka laini yako. Afanye hivyo papo hapo, kwa maana kurudishwa kunategemea sana kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea. Ikishatolewa kwa wakala au kutumwa kwingine, kuipata kunakuwa kugumu.

Watu wengi humpigia kwanza aliyepokea. Mimi ningetuma kwenda 456 kwanza, ndipo nipige. Mpokeaji mwaminifu hatakasirika ukimwambia umeshaomba irudishwe na kwamba asikutumie kwa mkono. Asiye mwaminifu utakuwa umempa nafasi ndogo ya kukimbilia kwa wakala.

Muulize pia jina lililotokea kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji ili ahakikishe. Ukijua jina hilo utajua kama alikosea tarakimu, au alichagua mtu mwingine kwenye orodha ya majina yake ya simu, na wa pili huenda ni jamaa anayeweza kuongea naye kwa amani.

Pesa imeingia kweli, na mtu anadai alikosea. Si ni uungwana kurudisha?

Uungwana ni kutoigusa pesa hiyo. Kuituma wewe mwenyewe ndiko kunakoweza kukuumiza. Mtu anaweza kukuomba umrudishie kwa mkono, na papo hapo akaomba kampuni imrudishie muamala wa kwanza. Utatoa shilingi 3,000 mara mbili baada ya kupokea mara moja. Hatari huongezeka akikwambia uitume kwa namba tofauti na ile iliyokutumia, kwa kisingizio cha laini kupotea au simu kuzima.

Mwambie hivi: "Ndugu, pesa nimeiona, sijaitumia. Tuma meseji yako 456, wao watairudisha." Asiye na njama atakubali. Usimtukane wala usimwite tapeli, maana makosa ya kweli hutokea kila siku na huenda pesa hiyo ni ya karo.

Kwenye kikundi cha mchango mwanachama amebandika meseji tu. Mweka hazina afanye nini?

Asiandike "imepokelewa" hadi aione kwenye simu au taarifa yake mwenyewe. Akishaiona, amuulize mwanachama faraghani: "Hii ni ya nani, na ni ya mchango upi?" Jina lililo kwenye meseji mara nyingi ni la mume, binti au jirani aliyetumia laini yake, na mwezi mmoja unaweza kuwa na mchango wa matanga, wa harusi na wa chama. Mweka hazina akikisia, ugomvi utakuja siku ya kusoma hesabu.

Aandike kwenye daftari namba ya muamala pamoja na jina la mwanachama ambaye mchango huo umelipwa kwa niaba yake. Namba hiyo ndiyo itakayomwonyesha pia kama meseji moja imebandikwa mara mbili, mara moja ya Machi na tena ya Aprili. Hilo hutokea kwa kusahau zaidi kuliko kwa hila, na likitatuliwa faraghani halimwaibishi mtu.

Mteja dukani ananionyesha meseji kwenye simu yake. Nimpe bidhaa?

Subiri yako. Mwambie, "Nisubiri kidogo, dada, yangu iingie," au fungua taarifa ya laini yako ya biashara uangalie. Unachoona kwenye skrini ya mteja, iwe maandishi au picha, kinaweza kuhaririwa. Saa ambazo duka limejaa ndizo ambazo muuzaji huachwa na picha badala ya pesa, kwa hiyo msaidizi unayemwachia duka awe na njia ya kuona malipo yakiingia bila kukupigia wewe.

Kuna ubaya gani mtu kubandika meseji yake kikundini?

Ameweka hadharani jina la mtu mwingine, namba yake ya simu, kiasi alichotumiwa na salio lililobaki kwake mwenyewe. Anayetaka kutapeli sasa anaweza kumpigia akijifanya huduma kwa wateja, amtajie muamala wa saa nane na robo wa shilingi 1,500, na aaminike kwa sababu kila alichosema ni kweli. Baada ya hapo huomba PIN.

Mwombe aifute kwa kila mtu na akutumie faraghani, akiwa amefuta salio na tarakimu za katikati za namba ya simu. Usiinukuu unapomjibu, kwa kuwa nukuu hubaki hata ya kwanza ikifutwa. Mkumbushe pia kwamba Safaricom hupiga simu kwa 0722 000 000, na kwamba hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji PIN. Kupokea pesa hakuhitaji PIN kamwe. Kisanduku cha kuomba PIN kikitokea kwenye simu huku mtu akisema anakutumia, hapo unatakiwa kulipa. Kikatae.

Na kwa walio Tanzania?

Tahadhari na maswali mawili ni yaleyale, na salio ndilo neno la mwisho vilevile. Namba za huduma ndizo tofauti: salio la M-Pesa hutazamwa kwa *150*00#, la Airtel Money kwa *150*60#. 456 na 333 nilizotaja ni za Kenya. Aliyekosea namba aipigie huduma kwa wateja ya mtandao wake kwa 100. Meseji ya kitapeli, pamoja na ile inayofahamika sana ya "ile hela tuma kwenye namba hii", itumwe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na kile kipimo cha herufi za mwanzo kiache, nimekieleza kwa miamala ya Kenya tu.

Nimechelewa. Ameshamtumia tapeli. Kuna la kufanya?

Lipo, na lifanyike kabla ya kulaumiana. Aitume meseji yake ya "sent to" kwenda 456 kutoka laini yake, kisha apige 100 aeleze kwamba ametapeliwa. Kama aliitaja PIN kwa mtu, aibadilishe mara moja kupitia *334#. Asifute chochote: meseji ya uongo, namba iliyompigia na saa za simu hizo ndivyo atakavyoulizwa. Aende kituo cha polisi akaandikishe, apewe namba ya OB, na aitunze pamoja na namba ya muamala.

Umwonye pia kuhusu simu zitakazofuata. Aliyetapeliwa mara moja hupigiwa tena na mtu anayejidai kumsaidia kurudisha pesa, kwa "ada kidogo" ya kufungua faili. Huduma ya 456 haimtaki amtumie mtu pesa ili arudishiwe zake.